Chipu Haikuwa Imejaa

Sina subira na mtu anayesema kitu kimejaa kabla hajakipima. Walio karibu nami wanalijua hilo. Mtu akiniambia tangi limejaa, nainuka nikatazame mwenyewe. Mume wangu hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu niliwahi kuliamini neno hilo bila kutazama, nikalibeba kwa miguu yangu mwenyewe mpaka sokoni Kongowea, nikamtwika mwanamke asiyenikosea lolote. Likamtoa kazini.

Karakana yetu ilikuwa Kisauni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari. Tulikuwa watu watano na meza nne. Tulitengeneza vifaa vya kuchunga joto katika vyumba vya baridi: kijisanduku cha plastiki, ndani yake chipu ya Wi-Fi ndogo kuliko stempu ya barua, waya wa kupimia joto, na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika programu inayokaa ndani ya ile chipu. Nilikuwa mwanamke pekee pale, na kila mgeni akiingia aliniomba chai kwanza, kisha akaulizia fundi.

Kongowea kulikuwa na chumba cha baridi cha chama cha akina mama wauzao mboga na matunda. Pilipili hoho, karoti, maembe ya msimu, vyote hulala humo vikisubiri bei. Funguo za chumba zilishikwa na bi mkubwa mmoja wa Mishomoroni, mtu wa ukoo wa kale wa Mvita, mwenye leso mbili daima na ulimi usioogopa mtu. Alizishika tangu chumba kilipofunguliwa. Kuzishika funguo pale si kufungua mlango tu. Ni kujua tenga lipi ni la nani, kumzuia anayetaka kuingia na kutoka kama msikitini, na kutazama joto kila saa ili mali ya watu isioze.

Sasa bi mkubwa alikuwa na presha ya macho. Si mtoto wa jicho anayetolewa mtu akapona; hii ilikuwa ikimla mwanga kidogo kidogo kutoka pembeni. Namba za kioo chetu alizisoma kwa kukigusisha kifaa na pua. Siku moja aliona tatu, kumbe ni nane. Matenga manne ya hoho yakaharibika, na minong'ono ikaanza. Mwenyekiti wa chama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutuliza, akamwambia mbele ya kamati kwamba mwisho wa mwezi funguo zitahamia kwa mwenye macho, isipokuwa kama kuna njia ya yeye kulijua joto bila kusoma.

Bi mkubwa ndiye aliyeipata njia. Nilikwenda kubadilisha betri, nikamsalimu, na kabla sijafungua mkoba akanikamata mkono.

"Mwanangu, hiki kijisanduku chenu chaandika. Hakiwezi kusema?"

"Kusema vipi, mama?"

"Kama simu isemavyo. Mimi mato yanikataa, lakini mashikio yangu ni mazima wallahi. Nikibonyeza, kinambie joto ni ngapi. Mlango ukiwatwa wazi, kinipigie ukelele. Basi. Sitaki zaidi."

Nilimjibu kwamba inawezekana, inshallah. Nilisema kwa moyo mkunjufu, maana kwangu ilikuwa kazi ya raha. Nikanunua spika ndogo, saketi ya kuikuza sauti na swichi ya kuhisi mlango ukiwa wazi, nikajifunika blanketi la kuzuia makelele karakanani mchana wa joto la kuchemsha yai, nikajirekodi: sifuri hadi ishirini, nyuzi, chini ya sifuri, joto linapanda, umeme umekatika, mlango uko wazi. Kwa jumla sekunde hamsini na tano. Sauti niliibana mpaka ikawa kama ya simu, kwa sababu naijua chipu na sipendi kuijaza ovyo. Nikaitia ndani ya programu, nikaiamuru kompyuta ijenge.

Ikafanya kazi yake dakika mbili. Mafaili yote yakapita, yakaunganishwa yakawa programu moja, na mwisho kabisa, mahali ambapo huwa nimeshainuka kwenda kuchukua maji, likatoka andiko jekundu: sehemu iliyotengewa programu ni ndogo kuliko programu yenyewe. Ujenzi umeshindikana. Sehemu ilikuwa kilobaiti mia tisa na sitini. Programu yangu ilikuwa kilobaiti elfu moja mia na hamsini. Nimezidisha mia na tisini.

Hapa lazima nieleze kidogo. Chipu hizi huwa na kumbukumbu ya kudumu, na kumbukumbu hiyo hugawanywa kwa jedwali dogo: kuanzia hapa hadi hapa ni mipangilio na nywila ya Wi-Fi, kuanzia hapa hadi hapa ni programu. Jedwali letu lilikuwa na sehemu mbili za programu zenye ukubwa sawa. Programu inayofanya kazi hukaa katika moja, na tukituma mpya kwa mtandao huingia katika ile ya pili. Ikikamilika salama, kifaa huwaka upya na kuhamia huko. Ni mpango mzuri. Bila sehemu ya pili, kwa kila badiliko dogo ungelazimika kukifuata kifaa kwa waya, Likoni, Changamwe, popote kilipo.

Jedwali lenyewe lilichorwa na mhandisi wa kwanza wa karakana, ambaye alikwisha kuhamia kwingine kabla sijaajiriwa. Lilikuwa limechapishwa na kubandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, na chini yake maneno ya wino mwekundu: USIGUSE. Sababu ilikuwapo. Mtu aliwahi kuligusa, akaisogeza sehemu ya mipangilio, na kila kifaa alichokitia programu ile kikasahau nywila ya Wi-Fi ya mwenyewe. Wenzangu walizunguka wiki nzima na kebo wakiomba radhi. Tangu siku hiyo sheria ya karakana ikawa mbili: programu moja kwa vifaa vyote, na jedwali haliguswi. Nilizikuta sheria hizo kama nilivyoukuta ukuta.

Kwa hiyo sikuligusa. Nikaanza kujinyima. Nikaiambia kompyuta iitengeneze programu kwa kubana nafasi badala ya kutafuta kasi. Nikazima maandishi ya uchunguzi. Nikatoa maktaba moja, yaani msimbo wa kuazima, niliyoipenda. Nikapata kilobaiti arobaini. Nikajaribu kuishusha sauti zaidi, na "tatu" na "tisa" zikawa hazitofautiani, yaani nikarudi palepale pa kioo na pua. Nikafuta maonyo yote nikabakiza namba tu, na hata namba peke yake hazikuenea. Programu ya awali, bila neno hata moja, ilikuwa imeshakula sehemu yote ikabakiza kilobaiti thelathini.

Nikaenda kwa mkurugenzi wetu. Alikuwa mtu wa Frere Town, mpole wa maneno, hodari wa kushika wateja, na mwenye tabia ya kukukubalia kwa kichwa huku akikukatalia kwa mdomo. Nilimwonyesha andiko jekundu.

"Chipu imejaa," alisema.

"Sehemu ya programu ndiyo imejaa, bosi."

Akanionyesha ukutani. "Hesabu mwenyewe. Megabaiti mbili. Sehemu mbili, mipangilio, ziada kidogo. Wapi pa kuweka kingine? Ufute sehemu ya pili, tukose kutuma programu kwa mtandao? Vifaa vyote vile?"

Nilihesabu. Alikuwa sahihi. Katika megabaiti mbili hapakuwa na pa kupenyeza hata kilobaiti mia. Karatasi ilijumlika vizuri kabisa, na mimi ni mtu anayeheshimu hesabu inayojumlika.

"Mwambie yule mama kwa upole," akasema. "Sauti haitawezekana. Chipu haina nafasi. Utampa moyo."

Nimpe moyo! Nilikwenda, wala sijui nilikuwa nikienda kumpa nini. Nilimkuta amekaa juu ya kreti lililopinduliwa mlangoni pa chumba cha baridi, funguo zimefungwa kwenye pindo la leso. Wapakizi walikuwa wakipita na mikokoteni ya viazi, wakipiga kelele za kuomba njia, naye alimjua kila mmoja kwa sauti na kumjibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. N'nakusikia mguu wako ni mzito yeo. Sema."

Nikamwambia. Nilitumia maneno yaleyale: chipu imejaa, haina nafasi. Hakulia wala hakubishana. Aliuliza swali moja tu, kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

"Basi Mungu akulipe kwa kujaribu," alisema, akaniuliza habari za mama yangu.

Nilidhani atasubiri mwisho wa mwezi. Zilibaki siku kumi na mbili, na katika siku kumi na mbili mtu huweza kupata la kufanya. Lakini sikuwa nimeijua vizuri heshima ya watu wa aina yake. Jioni ileile, baada ya kufunga, alikwenda kwa mwenyekiti akamkabidhi funguo kwa mkono wake. Hakutaka kungoja aambiwe. Mwenyekiti akaomba dua, akamshukuru kwa miaka yote, na asubuhi yake funguo zilikuwa kiunoni mwa mkaza mwanawe huyo huyo mwenyekiti, msichana mwenye macho mazuri na simu nzuri zaidi. Upesi ule ulinifanya nijiulize kama kiti kilikuwa kimeshapanguswa vumbi kabla mwenyewe hajainuka.

Nilizipata habari hizo sokoni, kwa muuza ndimu. Nilirudi kazini nikainamia meza yangu siku mbili. Mkurugenzi akanisifu kwa utulivu wangu.

Siku ya tatu nilikuwa na kifaa kibovu mezani, cha mteja wa Changamwe, kisichoshika mtandao. Nilikiunganisha na kompyuta kwa kebo, nikakizima, nikakiwasha, nikatazama maandishi yanayopita kinapoamka. Kila fundi wa vitu hivi ameyaona maandishi yale mara elfu. Yanakimbia, mistari kumi, ishirini, mingi ya kijani, na wewe unangoja ule wa mwisho unaokuhusu. Siku hiyo mteja alinipigia simu katikati, nikausimamisha mkimbio wa maandishi ili nizungumze naye. Na wakati akinilalamikia, macho yangu yakatua juu ya mstari mmoja wa manjano.

Ulisema hivi, kwa lugha yao: kumbukumbu niliyoikuta ni megabaiti nne, ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika programu, megabaiti mbili. Natumia iliyoandikwa.

Nilimwambia mteja nitampigia. Nikausoma tena. Nikakichukua kifaa kingine rafuni, nikakiwasha: mstari uleule. Cha tatu: mstari uleule. Nikatoa cha nne kutoka sanduku la vifaa vya zamani kabisa, vya mwaka wa kwanza wa karakana, na hicho pekee hakikusema kitu. Chipu za vifaa vile zilikuwa kweli za megabaiti mbili. Zilipokwisha sokoni, miaka miwili nyuma, mkurugenzi akaagiza zilizopatikana, na zilizopatikana zilikuwa za megabaiti nne. Zina umbo lilelile na miguu ileile, na programu yetu ilifanya kazi ndani yake bila matatizo. Kwa hiyo hakuna aliyebadilisha kitu. Jedwali la chipu ndogo likaendelea kutawala chipu kubwa, na nusu ya kila chipu tuliyouza ikakaa tupu, haijaguswa, haina hata jina.

Miaka miwili! Kila kifaa, kila kinapowashwa, kilisema wazi kwamba kimepewa nusu ya kilicho chake, na sisi watano, wenye vyeti, tulikitazama kikisema tukangoja mstari mwingine. Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata, na sijui hata leo ni ipi iliyokuwa kubwa: ya karatasi ile ukutani, ya mkurugenzi aliyeinyooshea kidole, au yangu mimi niliyehesabu nikaona inajumlika nikasahau kuuliza inajumlisha nini. Nilikuwa nimemwambia bi mkubwa nina hakika. Hakika ya nini? Ya karatasi! Nilikuwa nimeisoma karatasi, sikuisoma chipu.

Nikainuka nikaibandua ukutani. Rangi ya ukuta ikaja nayo.

"Unafanya nini?" mkurugenzi akauliza mlangoni.

"Nagusa."

Nikamwonyesha mstari wa manjano kwenye vifaa vitatu, kimoja baada ya kingine. Akatikisa kichwa kwa kukubali, polepole. Kisha akasema jambo ambalo nalikumbuka mpaka leo nikiwa napika, nikiwa naoga: "Sasa kwa nini hukuliona hili mapema, kabla ya kwenda kumsumbua yule mama?"

Nikarudi mezani. Ningemjibu ningeacha kazi, na nilikuwa na kazi ya kufanya kwanza.

Kazi yenyewe haikunichukua hata saa moja. Ndilo linaloniuma. Nikaandika ukubwa wa kumbukumbu kuwa megabaiti nne. Nikachora jedwali jipya: mipangilio nikaiacha palepale ilipokuwa, kwa ukubwa uleule, ili nywila za watu zisipotee, sehemu mbili za programu nikazipa megabaiti moja na nusu kila moja, na mwisho wa kumbukumbu bado pakabaki karibu megabaiti nzima. Kwa vifaa vya zamani nikabakiza ujenzi wa pili wenye jedwali la kale, usiosema. Sheria ya programu moja kwa wote ikafa siku hiyo bila matanga. Nikaiamuru kompyuta ijenge, ikajenga, ikapita, na ikaniandikia kwamba zaidi ya robo ya sehemu iko wazi. Nikaingiza tena maonyo yote niliyoyafuta. Nikabonyeza kitufe, na sauti yangu ikasema joto la karakana ni nyuzi thelathini na moja, maana kwa hasira nilikuwa nimerekodi namba mpaka hamsini.

Jedwali halitumwi kwa mtandao kama programu. Lazima uende na kebo. Nikaenda nayo Kongowea kesho yake asubuhi. Aliyenifungulia alikuwa yule msichana. Sina ubaya naye. Alinipa kiti, akanishikia tochi nilipokuwa nikifunga spika na swichi juu ya mlango. Nilipomaliza, kikasema nyuzi saba. Akacheka kwa mshangao, akaniuliza kama sauti inaweza kuzimwa, kwa sababu yeye anazisoma namba.

Nikaenda kwa mwenyekiti, kibandani kwake. Nikamwambia kosa lilikuwa letu, chipu haikuwa imejaa hata kidogo, mimi ndiye niliyempelekea bi mkubwa habari ya uongo, na sasa kifaa kinasema kama ilivyoagizwa na kamati yake. Nikamwomba funguo zirudi. Alinisikiliza kwa makini.

"Mwezi haujafika mwisho," nikaongeza. "Mlimpa hadi mwisho wa mwezi."

"Ni kweli, mwanangu. Lakini hatukumfukuza. Alileta mwenyewe, tukaomba dua. Dua hairudishwi nyuma."

Nimesikia mengi akisingiziwa Mungu pwani hii, lakini lile lilinizidi. Niliondoka bila kuaga, nikajuta baadaye kwa sababu ya adabu tu.

Nilikuwa bado sijapata ujasiri wa kwenda Mishomoroni. Na aliyenipeleka, kwa mara nyingine, ni mkurugenzi. Aliipenda sauti. Aliipenda kuliko alivyopenda kitu chochote nilichowahi kuandika. Aliwapigia wateja wawili siku hiyohiyo, na akaamua kuchapisha kijitabu chenye picha: kifaa kinachosema Kiswahili fasaha. Akaniita.

"Tupate picha ya yule mama," alisema. "Aliyekosa macho. Amesimama mlangoni, kifaa juu yake. Itagusa watu."

"Hayupo tena kazini, bosi."

"Picha tu. Dakika tano. Nenda ukamwombe, wewe naye mnaelewana."

 Nikachukua mkoba wangu. Sikwenda kuomba picha. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kujificha, na hilo la picha lilinipa hasira ya kutosha kunifikisha mlangoni kwake.

Alikuwa barazani anachambua mchele kwa vidole, kwa kupapasa, chuya moja moja. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa mara ya pili. Nikamweleza yote. Nilimweleza kuhusu megabaiti mbili na nne, karatasi, mstari wa manjano. Nikamwambia aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu bila kutazama, na kwamba naomba radhi. Nilikuwa nikilia, na sioni haya kulisema.

Akapapasa chuya nyingine, akaitoa.

"Kwa hivyo kile kitu kilikuwa na pahali siku zote."

"Ndiyo, mama."

"Na kilikuwa kikisema."

"Kila kikiwashwa."

"Mkakiwata kisemee ukuta." Akasukuma chuya kando. "Mimi n'nakasirika, mwanangu, usidhani sikasiriki. Ila si nawe peke yako. Wewe umekuja. Haya, na hilo jengine lililokukwama kooni ni lipi?"

Nikamwambia la picha. Nilimwambia huku nikimtaka anikatalie, tena kwa matusi, niyapeleke kama yalivyo. Badala yake akaacha kuchambua, akainua uso, na nikamwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mwambie mkubwa wako nimekubali. Lakini mimi nilikuwa mshika funguo. Sipigwi picha mlangoni pa watu mikono mitupu kama nimekuja kuomba. Nitapigwa na funguo mkononi. Na kamati nzima iwepo, maana siingii pale kwa kujiiba."

Mkurugenzi akakubali papo hapo. Akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti, na mwenyekiti aliposikia kijitabu kitafika kwa wafadhili na mahoteli, akaagiza kamati yote ivae sare. Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa mlangoni pa chumba cha baridi, akina mama saba wa leso za aina moja, mkurugenzi wetu na shati lililopigwa pasi, mpiga picha, na bi mkubwa katikati amevaa buibui jipya. Yule msichana akazifungua funguo kiunoni akamkabidhi. Mpiga picha akataka mlango uwe wazi, ili matenga yaonekane nyuma yao. Kila mtu akajipanga kizingitini. Wakapigwa wakiwa wamesimama, wakapigwa wakicheka, wakapigwa mwenyekiti akiwa amemshika bega.

"Tumemaliza," akasema mpiga picha.

Mwenyekiti akanyoosha mkono kuzipokea funguo. Bi mkubwa hakuuona mkono ule, au aliuona. Alikuwa akizifunga kwenye pindo la leso yake, fundo la kwanza, fundo la pili, bila haraka.

Hapo sauti yangu ikatoka juu ya mlango: "Mlango uko wazi. Joto linapanda. Mlango uko wazi."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewaambia kuwa kitasema chenyewe. Bi mkubwa akapita kati yao akaingia ndani, akapapasa kitufe, akakibonyeza.

"Nyuzi kumi na moja," kikasema.

"Mumesikia," akasema bi mkubwa, na akashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. "Hoho za watu zaoza. Tokeni."

Wakatoka, mwenyekiti akiwa wa mwisho, na bi mkubwa akaufunga mlango kwa ndani, funguo pindoni mwa leso yake.